Shule binafsi ndogo Kibimba: Majengo si tatizo, tatizo ni miaka mitano ya mwanzo

MTU akisema anataka kufungua shule, jambo la kwanza analoonyesha ni kiwanja. Atakupeleka mpaka kwenye kilima, atakuonyesha mahali darasa litakapokaa, pa vyoo, pa uwanja wa mpira, na tofali alizokwisha kufyatua. Ukimuuliza mwaka wa tatu atakuwa na watoto wangapi na walimu wangapi, anakwama. Hapo ndipo shule nyingi ndogo zinapofia, na zinakufa zikiwa na majengo mazuri tu.

Makala hii inapiga hesabu ya shule moja ndogo ya awali na msingi ya mchepuo wa Kiingereza, ya kutwa, katika Kibimba, upande wa wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera. (Msomaji asiichanganye na Kibimba ya Uganda yenye mashamba ya mpunga.) Shule yenyewe ni ya mfano, na bei na mishahara iliyomo ni makadirio ya mwandishi. Chukua kalamu, weka bei za kwako, lakini fuata mtiririko wa hesabu, maana huo haubadiliki.

Kwanza ujue unashindana na nani. Tangu Januari 2016 shule za serikali za msingi, na sekondari hadi kidato cha nne, hazitozi ada. Kwa hiyo mzazi wa Kibimba ana shule ya bure karibu na nyumbani. Atakulipa wewe kwa sababu mbili au tatu tu: mtoto wake asome kwa Kiingereza tangu mwanzo, darasa lisijae, na mwalimu awepo kila siku. Moja ya hizo ikikosekana, mzazi anarudi kwenye shule ya bure na hata haagi.

Watoto watatoka wapi?

Mwenye wazo la shule hupita kwa majirani akiuliza: "Nikifungua shule, utaniletea mtoto?" Wote wanajibu ndiyo. Jibu hilo halina thamani, kwani ndiyo haigharimu kitu. Ulizia wale ambao leo hii wanalipa ada mahali pengine, iwe Ngara mjini, Rulenge, Biharamulo au mbali zaidi, na wanalipa kiasi gani pamoja na nauli au bweni. Hao ndio wateja wako wa mwaka wa kwanza. Wengine watakuja wakishaona watoto wa wenzao wakisoma.

Halafu nenda ofisi ya kijiji na zahanati ukajue watoto wa miaka minne na mitano ni wangapi katika umbali ambao mtoto anaweza kutembea kwa miguu. Zahanati inawajua kwa sababu ya kadi za chanjo. Ukishapata idadi, tenga kaya zenye fedha taslimu kwa mwaka mzima: walimu, wauguzi, wenye maduka, wenye mashine za kusaga, wanunuzi wa mazao, madereva wa barabara ya Rusumo. Baada ya hao, weka wakulima wenye kahawa na migomba ya kutosha.

Mkulima mpime kwa mazao yake. Ada ikiwa Sh420,000 kwa mwaka na kilo ya maharage ikiuzwa Sh1,500, mtoto mmoja ni kilo 280 za maharage, karibu gunia tatu. Mwenye watoto wawili ni gunia sita kasoro kidogo. Je, anavuna ngapi baada ya chakula cha nyumbani na mbegu? Ukipata jibu hilo umeshajua kama ni mteja, hata kama anakuahidi kwa moyo safi.

Na usihesabu fedha za wapita njia. Wenyeji wa Ngara wanakumbuka mwaka 1994, Wanyarwanda walipovuka Rusumo kwa maelfu na mashirika ya misaada yakajaa wilayani na wafanyakazi wao wenye mishahara. Nyumba zilipangishwa na biashara zikachangamka. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirejeshwa kwao na wateja wengi wakaondoka nao. Leo zinasikika habari za nikeli ya Kabanga, ambayo mkataba wake kati ya serikali na mwekezaji ulisainiwa Januari 2021. Mgodi ukileta watoto, vizuri, wapokee. Lakini mpango wa shule lazima usimame hata kama hawakuja.

Shule hukua kama ngazi

Duka ukilifungua leo, kesho linaweza kujaa bidhaa. Shule haijai hivyo. Mwaka wa kwanza unafungua awali na darasa la kwanza tu, kwa sababu mzazi mwenye mtoto wa darasa la nne hatamhamishia kwenye shule isiyojulikana. Kila Januari waliopo wanapanda, na wewe unaongeza darasa moja juu na kupokea awali mpya chini. Kwa mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba, kwa hiyo shule kamili ni madarasa saba ukihesabu awali. Ukianza na mawili na kuongeza moja kila mwaka, unafika saba mwaka wa sita.

Kiwango kinachotumika nchini ni watoto 25 kwa darasa la awali na 45 kwa darasa la msingi. Katika mfano wetu awali inajaa, 25 kila mwaka. Darasa la kwanza la mwaka wa mwanzo linapata 15 tu. Hao 15 wanapanda pamoja, wanapungua taratibu, na hawatajaza darasa hata mara moja mpaka wamalize. Mkondo wa mwanzo ndivyo ulivyo, na mwalimu wao analipwa sawa na wa darasa lenye 28.

Kwa utaratibu huo mwaka wa kwanza shule ina watoto 40. Mwaka wa pili 64, wa tatu 90, wa nne 116, wa tano 140, wa sita 164, na wa saba 175. Kwa shule ya kijijini hiyo ni kasi nzuri kabisa, na aliyeandika zaidi ya hapo kwenye mpango wake aeleze watoto hao atawatoa wapi.

Mwalimu ndiye gharama

Tuseme mwalimu wa kawaida analipwa Sh350,000 kwa mwezi na mwalimu mkuu Sh500,000. Juu ya mshahara, mwajiri anachangia asilimia 10 ya NSSF na nusu asilimia ya mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Mwalimu mmoja anafika Sh4.64 milioni kwa mwaka, na mkuu Sh6.63 milioni. Mpishi na mlinzi, kila mmoja Sh220,000 kwa mwezi, wanagharimu Sh5.83 milioni kwa mwaka wote wawili pamoja na michango yao. Kabla hujaandika mshahara wowote, soma amri ya kima cha chini inayotumika, kwa kuwa shule binafsi zina kiwango chao humo na kinabadilika kila amri mpya inapotoka.

Weka Sh20,000 kwa kila mtoto kwa ajili ya vitabu, chaki na karatasi za mitihani, na Sh4 milioni kwa mwaka za safari za wilayani, matengenezo, taa, dawa na mengineyo. Chakula tumekiacha nje. Wazazi walete mahindi na maharage kwa debe, mpishi wa shule apike. Kuhusu tozo ya kuendeleza ufundi stadi, muulize ofisa wa kodi mapema.

Sasa chukua ada ya Sh360,000, na utegemee kukusanya asilimia 90 yake, yaani Sh324,000 kwa mtoto. Kila darasa lina mwalimu wake, na mwalimu mkuu yuko ofisini.

Mwaka wa kwanza watoto 40 wanaleta Sh12.96 milioni. Gharama ni Sh26.54 milioni. Hasara ni Sh13.58 milioni.

Mwaka wa pili hasara ni Sh10.92 milioni, wa tatu Sh7.66 milioni, wa nne Sh4.40 milioni, wa tano Sh1.74 milioni. Faida ya kwanza inaonekana mwaka wa sita, na ni Sh920,000. Mwaka wa saba, shule ikiwa na watoto 175, inabaki na Sh4.26 milioni.

Jumlisha hasara za miaka mitano: Sh38.3 milioni. Hizo ni mishahara, chaki na mafuta ya taa, wala tofali hata moja halimo ndani yake. Mwenye shule aliyemaliza fedha zote kwenye majengo na kusema "mishahara italipwa na ada" hajaliona shimo hili. Ataliona mwaka wa kwanza mwezi wa tano, mwalimu wa kwanza atakapoomba ruhusa ya kwenda kumwona mgonjwa na asirudi.

Kupunguza shimo

Yako mambo mawili yanayosaidia kweli. La kwanza, mwalimu mkuu ashike darasa kwa miaka mitatu ya mwanzo. Unaokoa mwalimu mmoja kila mwaka, Sh4.64 milioni. Ina ubaya wake: mkuu akiitwa wilayani darasa linabaki wazi, na kazi za ofisi zinafanywa jioni. Lakini kwa shule ya watoto 40 mpaka 90 inawezekana, ilimradi mkuu umpate mwenye moyo huo na umwambie mapema, siyo baada ya kuripoti.

La pili ni ada. Ukipandisha kutoka Sh360,000 hadi Sh420,000, kila mtoto anakuongezea Sh54,000 zinazokusanyika. Lakini angalia mzani wake: ukipoteza mtoto mmoja kati ya saba kwa sababu ya nyongeza hiyo, hujapata kitu, umerudi pale pale. Ndiyo maana uchunguzi wa gunia za maharage ulitangulia. Na ni afadhali kuanza na Sh420,000 kuliko kuanza na Sh360,000 na kupandisha mwaka wa pili, kwa kuwa mzazi aliyezoea ada ndogo huiona nyongeza kama kuvunja ahadi.

Ukifanya yote mawili, hasara ya mwaka wa kwanza inashuka hadi Sh6.78 milioni, ya mwaka wa pili Sh2.83 milioni, na mwaka wa tatu shule inabaki na Sh1.84 milioni. Mwaka wa nne mwalimu mkuu anaachiwa ofisi yake na bado kuna baki ya Sh1.86 milioni. Shimo lote limekuwa Sh9.6 milioni badala ya Sh38.3 milioni.

Kuna namba moja ya kuandika ukutani. Shule ikishafika madarasa saba, gharama za mkuu, mpishi, mlinzi na ofisi zikigawanywa kwa kila darasa, pamoja na mwalimu wake na vifaa, darasa linajilipa likiwa na watoto 20 kwa ada ya Sh420,000. Kwa ada ya Sh360,000 linahitaji 23. Kila Januari hesabu watoto darasa kwa darasa. Lililo chini ya 20 linabebwa na mengine, na shule ndogo haiwezi kubeba madarasa mengi ya namna hiyo.

Darasa la kuangalia zaidi ni awali. Tuseme mwaka wa tatu kumetokea uvumi fulani, au mwalimu wa awali aliyependwa ameondoka, ukapata watoto 12 badala ya 25. Wale 13 waliokosekana ni Sh4.91 milioni kwa mwaka. Kama nafasi zao hazikuzibwa na wahamiaji, pengo hilo linapanda nao mpaka darasa la sita, miaka saba, jumla Sh34.4 milioni. Kwa hiyo mwalimu bora mpe awali. Wenye shule wengi wanafanya kinyume: wanampa awali msichana aliyemaliza kidato cha nne juzi, kwa kuwa "ni watoto wadogo tu".

Ada ifuate mavuno

Hesabu ya mwaka mzima inaweza kuwa nzuri na shule ikakwama mwezi wa sita. Shule nyingi zinagawa ada mafungu manne sawa. Kwa mtumishi wa serikali sawa. Kwa mkulima wa Ngara, mwezi wa nne maharage yako shambani na mfuko mtupu. Atakuja kwa mwalimu mkuu kuomba, na mwalimu mkuu si mtu wa kufukuza watoto wa watu.

Maharage ya vuli yanatoka Desemba na Januari. Ya masika yanatoka kuanzia Mei na Juni, na kahawa inauzwa katikati ya mwaka. Kwa hiyo mafungu yawe hivi: Januari Sh150,000, Aprili Sh60,000, Julai Sh150,000, Septemba Sh60,000. Jumla ile ile, Sh420,000, lakini fungu kubwa linakuja wakati gunia liko ndani. Mzazi anayependa kulipa kwa mazao mkubalie kama una ghala na jiko, kwa bei ya sokoni siku hiyo, iandikwe kwenye stakabadhi. Usipokee zaidi ya watakachokula watoto, usije ukageuka mchuuzi wa maharage bila kupenda.

Hata kwa mpangilio huo mwaka wa kwanza unabana. Gharama ni kama Sh1.83 milioni kwa mwezi. Januari watoto 40 wanaleta Sh5.4 milioni, Aprili Sh2.16 milioni. Kufikia mwisho wa Juni umetumia karibu Sh11 milioni na umepokea Sh7.56 milioni. Pengo la Sh3.4 milioni linatakiwa liwe benki kabla shule haijafunguliwa. Ukilikopa mtaani mwezi wa tano, riba yake itakula fungu la Julai lote.

Ukusanyaji wa ada unaweza kuiua shule iliyojaa. Angalia mwaka wa saba: watoto 175, ada Sh420,000, ukikusanya asilimia 90 unabaki na Sh13.7 milioni. Ukikusanya asilimia 75, unabaki na Sh2.7 milioni. Madarasa yamejaa, sare zinang'aa, wageni wanasifu, na fedha hakuna. Dalili yake inaonekana mapema ukilinganisha daftari la mahudhurio na daftari la ada kila mwisho wa mwezi. Majina yaliyo kwenye la kwanza na hayamo kwenye la pili yakizidi moja kati ya kumi, ita wazazi hao mmoja mmoja wiki hiyo hiyo. Dalili ya pili ni tarehe ya mshahara. Ikianza kusogea kutoka 28 kwenda tarehe 5 na kisha 12, ugonjwa umeshaingia.

Na kuna watoto wa bure. Mjomba ana mtoto, mshirika wa biashara ana wawili, mwenyekiti wa kitongoji ana mmoja aliyetoa eneo la njia. Kila mmoja ni Sh420,000. Watano ni Sh2.1 milioni, zaidi ya baki yote ya mwaka wa tatu. Anayetaka kumsomesha wa ndugu amlipie kutoka mfukoni mwake na apewe stakabadhi kama wengine.

Mtaji na mkopo

Kwa kipimo cha jengo tunalo jambo la kulinganisha. Mwaka 2021 serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, ilitenga Sh20 milioni kwa darasa moja. Bei zimebadilika tangu hapo, lakini Kibimba mtu anaweza kuchoma tofali zake na mchanga akaupata jirani, kwa hiyo tubaki na Sh20 milioni. Saruji na bati ndivyo vitakavyokuumiza kwa usafiri.

Kufungua unahitaji madarasa mawili, Sh40 milioni. Ofisi ndogo na vyoo, Sh12 milioni. Madawati, tanki la maji ya mvua na uzio, Sh8 milioni. Jumla Sh60 milioni, kiwanja kikiwa tayari chako na karatasi zake ziko sawa. Vyoo vijenge kwa kuangalia mbele: kipimo ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule ikifika watoto 175, nusu kwa nusu, ni matundu matano ya wasichana na manne ya wavulana, mbali na ya walimu. Kuchimba upya katikati ya uwanja wenye watoto ni gharama na hatari.

Juu ya Sh60 milioni ongeza Sh9.6 milioni za shimo, na akiba ya mishahara ya miezi mitatu, Sh4.3 milioni. Akiba hii watu wanaiona ni anasa. Lakini Machi 17, 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya korona, na za msingi zikafunguliwa Juni 29. Wazazi waliacha kulipa siku ile ile, na mishahara ikaendelea kudaiwa. Kwa hiyo mtaji wa kuanzia ni Sh74 milioni hivi, na baada ya hapo darasa moja jipya kila mwaka kwa miaka mitano, Sh100 milioni nyingine.

Je, benki? Tuseme unakopa Sh60 milioni kwa riba ya asilimia 18. Riba peke yake ni Sh10.8 milioni kwa mwaka. Mwaka wa kwanza shule yako ina hasara. Mwaka wa saba, ikiwa imejaa na wazazi wanalipa vizuri, baki yake ni Sh13.7 milioni, ukitoa riba unabaki na Sh2.9 milioni, na deni lenyewe hujaligusa. Kwa ada inayolipika Kibimba, majengo ya shule hayalipiki kwa mkopo wa benki. Mwandishi ameigeuza hesabu hii kila upande na haoni pa kupitia. Anayeweka rehani shamba la kahawa la familia kwa ajili ya shule ya kutwa ya kijijini anacheza kamari.

Fedha za majengo lazima ziwe fedha zenye subira. Ziwe za familia yenye biashara nyingine, za washirika walioandikisha kampuni na kukubaliana kwa maandishi kwamba hakuna gawio kwa miaka saba, au za taasisi ya dini ambayo tayari ina ardhi na jengo. Njia hii ya mwisho, kupanga jengo lililopo ambalo linakubalika kwa wakaguzi na kuweka fedha zako kwenye shimo la mishahara, ndiyo ningeianza nayo mimi.

Wengine hufikiri bweni litaokoa mambo, kwa kuwa ada yake ni kubwa. Mwaka 2023 wizara ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Shule yetu inafika darasa la tano mwaka wa tano. Kwa hiyo miaka ile yenye njaa bweni haliwezi kukusaidia hata ungekuwa nalo.

Usajili na walimu

Usipokee mtoto kabla ya usajili. Kwanza unaomba kibali cha kuanzisha shule, kisha mwenye shule na meneja wanathibitishwa, majengo na vyoo vinakaguliwa na watu wa ubora wa shule, afya na ujenzi, ndipo shule inasajiliwa. Fedha nyingi hazikupi njia ya mkato. Kampuni ya Bridge, iliyoanza na shule moja Mukuru, Nairobi mwaka 2009 na kuenea nchi kadhaa ikiwa na wawekezaji wakubwa wa nje, iliamriwa na mahakama ya Uganda kufunga shule zake mwaka 2016 kwa masuala ya leseni na usafi. Mwenye madarasa mawili Kibimba hana wakili wa kumtetea. Panga mwaka mzima kabla ya Januari ya kufungua, na mtu wa kufuatilia karatasi alipwe nauli.

Walimu ndio watakaokuhangaisha mpaka mwisho. Anayejua Kiingereza cha kufundishia hapendi kukaa mbali na mji, na aliyekubali kuja anasubiri ajira ya serikali. Majina yakitangazwa anaondoka, iwe Machi au Agosti, na huwezi kumlaumu: huko kuna pensheni na usalama. Mkataba utaje taarifa ya mwezi mmoja, lakini usiutegemee sana. Kinachosaidia ni nyumba. Vyumba viwili vya walimu karibu na shule, hata vya kupanga, vinamshika mwalimu kuliko nyongeza ya Sh30,000. Tafuta pia waliostaafu na wake au waume wa watumishi walioko Ngara, watu ambao tayari wana sababu ya kukaa. Anayetoka Burundi, Uganda au Kenya anahitaji kibali cha kazi na cha ukaazi, na gharama zake ziwe ndani ya mpango, zisije zikakushtua afisa uhamiaji akiwa mlangoni.

Mwenye kiwanja na tofali zake hapo Kibimba aanze Julai hii kuzunguka na daftari, kaya kwa kaya, akiuliza nani analipa ada wapi. Akipata majina 40 yenye kiasi wanacholipa sasa, apige hesabu ya mwaka wa kwanza. Akipata 18, tofali zikae, au zijenge nyumba ya kupangisha.